Naomba ushauri: mfumo wa mahudhurio unaotambua sura, na watoto ambao wazazi wao hawajaridhia

MwalimuTehama_Rau

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya msingi ya binafsi hapa Moshi, yenye wanafunzi 640 katika mikondo 16. Uongozi umenikabidhi kazi ya kutengeneza mfumo wa mahudhurio unaotambua sura, kwa masharti mawili ambayo nayaunga mkono kwa moyo wote: taarifa zote zibaki kwenye kompyuta iliyo ofisini bila kupelekwa mtandaoni, na mtoto ambaye mzazi wake hajaridhia asiandikishwe. Fomu zilikwenda majumbani. Wazazi wa watoto 580 wametia sahihi; kuhusu watoto 60 waliobaki, baadhi ya wazazi wamekataa na wengine hawajarudisha fomu.

Ninatumia OpenCV, ambapo YuNet hutafuta uso kwenye picha na SFace huugeuza uso huo kuwa vekta. Kizingiti cha ulinganifu nimekiacha kwenye 0.363, kama kilivyo katika mfano wa OpenCV wenyewe. Kamera nimeifunga getini, na kila uso unaopita hulinganishwa na watoto wote walioandikishwa.

Katika majaribio, msichana wa darasa la 3 ambaye hayumo kwenye mfumo alipita getini, na mfumo ukaandika kwamba aliyefika ni msichana wa darasa la 5, kwa alama 0.41. Huyo wa darasa la 5 alikuwa nyumbani akiumwa. Mwalimu wake wa darasa alikuwa ameandika hivyo kwenye rejesta ya karatasi, na bila rejesta hiyo tusingegundua. Naomba ushauri: kizingiti nikipandishe hadi wapi, na je, tatizo ni kizingiti peke yake?

FundiSakina

Mwalimu, kizingiti ndicho chanzo. Mimi hutumia maktaba ya `face_recognition`, ambayo kwa kawaida huja na umbali wa 0.6, na waandishi wake wenyewe wanatahadharisha kwamba modeli ilifunzwa kwa sura za watu wazima na huwachanganya watoto kwa urahisi. Ukikaza kizingiti, makosa yatapungua. Pia usihifadhi picha, hifadhi vekta tu. Vekta ni namba tupu ambazo hazimtaji mtu, kwa hiyo suala la ridhaa halitakusumbua tena.

MzeeWaMajengo

Kwa usalama wa geti nakushauri uongeze kamera ya pili upande wa nje, inayoona usiku, ili watu wasiojulikana wanaozungukazunguka shuleni wanaswe. Walinzi peke yao hawatoshi.

MwalimuTehama_Rau

Shikamoo mzee, nashukuru kwa mchango. Hata hivyo, mfumo huu ni wa mahudhurio ya wanafunzi tu, na fomu waliyosaini wazazi inataja matumizi hayo peke yake. Kuutumia kulinda geti kungehitaji ridhaa nyingine.

Mtafiti_Themi

Mwalimu, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito. Ndugu FundiSakina yuko sahihi kuhusu kukaza kizingiti na kuhusu kutohifadhi picha, lakini tukio la getini lina chanzo kingine, na namba zako mwenyewe zinalionyesha.

Tuchukulie kwamba kwa kizingiti ulichoweka, ukilinganisha watoto wawili tofauti, mfumo hukosea mara 1 katika kila 1,000. Kiwango hicho kinaonekana kidogo. Lakini uso unaopita getini haulinganishwi na mtoto mmoja, bali na watoto 580 kwa mkupuo. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao atavuka kizingiti ni 1 − 0.999⁵⁸⁰, yaani takriban asilimia 44. Mtoto aliyeandikishwa hana shida kubwa, kwa kuwa kwa kawaida vekta yake mwenyewe hupata alama ya juu kuliko hao wengine na kushinda. Asiyeandikishwa hana vekta ya kumshindia. Mwenye alama ya juu kati ya waliovuka, hata kama ni mgeni kabisa kwake, ndiye atakayeandikwa. Kwa hiyo watoto wako 60 ambao hawajaridhiwa ndio wanaozalisha mahudhurio ya uongo: asilimia 44 ya 60 ni takriban matukio 26 kila asubuhi. Ridhaa na makosa ya utambuzi, ambavyo umeviandika kama mambo mawili tofauti, katika muundo huu ni tatizo moja.

Ukipunguza kundi la kulinganishwa hadi mkondo mmoja, wenye wastani wa watoto 36 walioandikishwa, uwezekano hushuka hadi kama asilimia 3.5, na matukio 26 hubaki kama 2. Njia bora zaidi ni kutotafuta kabisa. Mtoto abonyeze namba yake ya usajili kwanza, kisha kamera iulize swali moja tu: je, uso huu ni wa mwenye namba hii? Hapo unarudi kwenye kosa 1 katika 1,000, na hilo ni kwa mtoto aliyebonyeza namba ya mwenzake. Tena namba ikiwa ya mtoto asiyeridhiwa, kamera haiwaki. Kwa sasa kamera yako ya getini inachakata nyuso za watoto hao 60 kila siku, hata kama haihifadhi kitu, na hilo linapingana na sharti lenu.

Kuhusu vekta kuwa namba tupu: si sahihi. Vekta inamtambua mtoto kwa usahihi uleule wa mfumo wenyewe, ndiyo maana tunaitumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ridhaa ya maandishi. Shule pia inapaswa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

FundiSakina

Nimekuelewa kuhusu ridhaa, mkuu. Ila kubonyeza namba kwa watoto 640 asubuhi si kutengeneza foleni hadi barabarani?

Mtafiti_Themi

Foleni itakuwepo mkiifanyia getini. Ifanyieni mlangoni mwa darasa, kwa tableti moja kwa kila mkondo, ambapo watoto ni 40 tu. Kama bajeti haitoshi, chaguo la pili ni kutafuta ndani ya mkondo mmoja, lakini kwa kanuni ya pengo: anayeongoza avuke kizingiti, na pia amzidi anayemfuata kwa kiasi cha kueleweka. Angalizo moja hapa. Kila mtoto akiwa na picha tatu au nne za kuandikishwa, chukua kwanza alama bora ya kila mtoto ndipo utafute pengo. Vinginevyo wa pili atakuwa mtoto yuleyule kwa picha nyingine, pengo litakuwa karibu na sifuri, na mfumo utawakataa watoto wote.

```python
bora = {}
for mtoto, vekta in sampuli_za_mkondo:
    alama = float(vekta @ uso)   # vekta zote zina urefu 1
    bora[mtoto] = max(alama, bora.get(mtoto, -1.0))
orodha = sorted(bora.items(), key=lambda x: x[1], reverse=True)
(jina, a1), (_, a2) = orodha[0], orodha[1]
uamuzi = jina if a1 >= KIZINGITI and a1 - a2 >= PENGO else None
```

`None` isimaanishe kwamba mtoto hayupo. Imaanishe kwamba mwalimu aamue.

Kizingiti chenyewe usikiazime kwa mtu. Kipime kwa watoto wako. Watoto 580 wanatoa jozi 167,910 za watoto wawili tofauti. Kokotoa alama ya kila jozi, zipange kuanzia ya juu kabisa, kisha angalia jozi ya 168: alama yake ndiyo kizingiti kinachokupa kosa la 1 katika 1,000 kwa watoto hawa. Sitashangaa ukikuta iko juu sana ya 0.363. Tumia picha zilizopigwa na kamera ileile, mahali palepale, maana mtoto aliyesimama mlangoni akiwa na mwanga wa nje mgongoni mwake hupata alama tofauti kabisa na ile ya picha aliyopigwa ofisini. Kisha zisome jozi za juu kwa macho yako. Utakuta ndugu wamejaa humo.

MamaPacha_Njiro

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Nina mabinti pacha wanaofanana, na shule yao hapa Arusha iliweka mfumo wa namna hii. Siku mmoja alipokuwa na homa, mwenzake aliandikwa kwa jina la mgonjwa, na yeye aliyekuwa darasani akaonekana mtoro. Nilipokea ujumbe wa utoro kuhusu mtoto niliyempeleka mwenyewe. Je, kizingiti hicho kinaweza kuwatenganisha?

Mtafiti_Themi

Pole sana dada. Kwa pacha wanaofanana, hapana. Kizingiti kinachoweza kuwatenganisha kitamkataa pia kila mmoja wao anapokuja kwa jina lake. Watoto wa namna hiyo wanapaswa kuwekewa alama kwenye mfumo ili mahudhurio yao yathibitishwe na mwalimu daima. Na ujumbe wa utoro usitoke kwa mzazi kabla ya mwalimu wa darasa kuipitia orodha ya siku.

MwalimuTehama_Rau

Nashukuru sana. Nitaiondoa kamera ya getini na kuanza na mikondo miwili, kwa namba na uthibitisho. Kuhusu uhifadhi, kanzidata yangu ni SQLite kwenye diski iliyofungwa kwa LUKS. Mzazi akiondoa ridhaa, inatosha kufuta safu ya mtoto?

Mtafiti_Themi

Haitoshi. SQLite ikifuta safu, yaliyokuwemo yanaweza kubaki ndani ya faili hadi nafasi hiyo itumike tena. Washa hii kabla ya kufuta, kisha ulipange faili upya:

```sql
PRAGMA secure_delete = ON;
DELETE FROM sampuli WHERE mtoto_id = 217;
VACUUM;
```

Halafu kuna nakala za akiba, ambako ndiko taarifa nyingi husahaulika. Flashi ya nakala ya wiki iliyopita bado ina vekta za mtoto huyo. Amueni nakala inaishi muda gani, na mwandikieni mzazi tarehe ambayo ya mwisho itafutwa. LUKS ni uamuzi mzuri, ila umeme ukikatika kompyuta ikiwaka itadai nywila, kwa hiyo wawepo watu wawili wanaoijua. Nywila iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta inaondoa maana yote ya kufunga diski.

MwalimuMkuu_Ngaramtoni

Nami niongeze kama mwalimu. Watoto wote wabonyeze namba kwenye kifaa kilekile na kwenye foleni ileile, na kwa asiyeridhiwa mwalimu agonge kitufe cha kuthibitisha, bila rangi nyekundu wala mlio. Mkiwapanga hao 60 pembeni, wiki ya pili wazazi watasaini kwa sababu mtoto amelia nyumbani, na sahihi ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa ridhaa. Ila nina jambo ambalo sijapata jibu lake: mtoto wa darasa la 7 ambaye mzazi wake amesaini, lakini yeye mwenyewe anasema hataki kupigwa kamera. Sahihi ya mzazi inatosha?

Mtafiti_Themi

Kisheria anayeridhia kwa niaba ya mtoto ni mzazi au mlezi. Kwa upande wangu ningemruhusu mtoto huyo atumie kitufe cha mwalimu, kwa sababu mfumo tayari unacho na hakuna kinachopotea.

FundiSakina

Hapo sikubaliani. Darasa zima la 7 litachagua kitufe, na mwalimu atarudi kwenye rejesta.

MwalimuTehama_Rau

Swali hili nitalipeleka kwenye kikao cha kamati ya wazazi kabla ya mkondo wa darasa la 7 kuandikishwa. Jozi nimeanza kuzikokotoa kwa mikondo miwili ya mwanzo, na kati ya kumi za juu, saba ni za ndugu au binamu.