Tupeane uzoefu: kijana mpya kazini aliyeogopa kusema kosa dogo

Mfawidhi Uyui
Habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kuhusu vijana wapya kazini na makosa wanayoogopa kuyasema. Naanza mimi.

Nasimamia zahanati moja huku Tabora, upande wa Uyui. Tulipokea muuguzi kijana, mchapakazi, mpole kupita kiasi. Siku moja ya mkoba, yaani siku ya kupeleka chanjo vitongojini, alikuwa amekesha na mama anayejifungua, asubuhi akawa na haraka. Akatoa pakiti za barafu kwenye friza, akazipanga moja kwa moja kwenye kibebeo, akaweka chanjo, akapanda bodaboda. Utaratibu ni kuziacha kwanza mezani zitoke jasho, mpaka ukitikisa pakiti usikie maji yanacheza ndani. Ikitoka friza ikiwa kavu, chupa inayogusana nayo inaweza kuganda.

Kule kitongojini alipofungua akakuta vichupa viwili vya Penta, ile chanjo ya watoto ya magonjwa matano, vilivyoegemea pakiti vina barafu ndani. Akavishika kiganjani vikayeyuka, dawa ikarudi nyeupe kama kawaida. Hapo nampongeza, hakumchoma mtoto hata mmoja. Aliwaambia kina mama Penta imeisha, akatoa matone ya polio, akarudi. Lakini jioni alivirudisha vichupa vyote kwenye friji pamoja na vingine, bila kuviwekea alama, akanyamaza.

Sasa oneni hatari ilipo. Chanjo iliyotoka kwenda mkoba ikarudi haijafunguliwa ndiyo inayotangulia kutumika kliniki inayofuata. Kipimajoto cha friji hakikuonyesha kitu, kwa sababu kuganda kulitokea njiani. Leja ilisoma sawa. Shahidi alikuwa yeye peke yake.

Asubuhi ya kliniki kina mama wamejaa kwenye benchi, kijana akanifuata stoo. "Dokta, samahani, hizo Penta usizitoe kwanza." Akaanza kueleza huku anaangalia sakafu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, tukasitisha Penta siku hiyo.

Karibuni na ya kwenu.

Mkaliua
Mkuu pole, ila mbona mlijisumbua? Kila kichupa kina ile alama ya VVM, duara na kiboksi cheupe ndani. Kama kiboksi bado ni cheupe, chanjo ni nzima. Mimi niliwahi kusaidia kwenye kampeni, ndivyo tulivyofundishwa.

Mzee wa Mnyororo Baridi
Mkaliua umefundishwa sawa, ila nusu. Alama ile inasoma joto tu. Chanjo ikiungua, kiboksi kinakolea. Ikiganda, kiboksi kinabaki cheupe vilevile, na hapo ndipo watu wengi wanadanganyika.

Nimefanya kazi ya kutunza chanjo mpaka nimestaafu. Penta inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ndani yake kuna chembechembe za alumini zinazousaidia mwili kuijibu chanjo. Ikiganda, chembe hizo zinashikana mabonge, na ukiyeyusha hazirudi zilivyokuwa. Mtoto anachomwa, kadi inajazwa, mama anaondoka ameridhika, kumbe kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini ni pungufu au hakuna. Matone ya polio na chanjo ya surua hazina shida hiyo, kwa hiyo kijana kutoa matone hakukosea.

Mfawidhi, mlifanya jaribio la kutikisa?

Mfawidhi Uyui
Tulifanya, Mzee. Tulichukua kichupa kimoja ambacho hakikutoka kabisa siku ile, cha kiwanda kilekile na namba ileile ya bechi. Tukakigandisha makusudi kwenye friza usiku kucha, kesho yake tukakiacha kiyeyuke chenyewe. Hicho ndicho cha kulinganishia. Kila kichupa tulichokitilia shaka tukakitikisa pamoja nacho, tukaviweka mezani sambamba bila kuvigusa, tukatazama kwa muda wa hadi nusu saa.

Kilicho kizima kinabaki na weupe uleule juu mpaka chini. Kilichoganda kinaanza kujitenga, maji yanang'aa juu na unga unatua chini, sawa na kile cha kulinganishia. Kijana alituambia viwili. Vilivyotua ni vitatu. Cha tatu hakukiona, huenda kilikuwa chini ya vingine.

Mzee wa Mnyororo Baridi
Vizuri sana. Niongeze moja kwa wengine. Ukikikuta kichupa kimeganda kwa macho yako, usikipime, kitenge na kukiandika. Jaribio ni la vile vya mashaka. Angeviwekea alama na kusema siku ileile, msingepoteza siku ya kliniki.

Mama Watatu
Jamani mmenitia hofu. Mwanangu alichomwa wiki ya 10 paja likavimba siku mbili na homa juu. Ina maana alichomwa iliyoganda?

Mfawidhi Uyui
Hapana dada yangu, usiwaze hivyo. Paja kuvimba kidogo na homa ya siku moja mbili ni kawaida hata kwa chanjo nzima kabisa. Huwezi kumtazama mtoto ukajua chanjo iliganda. Uvimbe ukiendelea kukua au ukitoa usaha, mpeleke aonekane. Ya wiki ya 14 usimkoseshe.

Kijana wa Pampu, Kigoma
Mimi nina uchungu na hii mada. Nilikuwa nauza mafuta kituo kimoja hapa Kigoma mjini. Nikaweka petroli kwenye gari la dizeli, lita kama tano nikashtuka. Nikamwambia dereva, "Kaka usiwashe." Gari likasukumwa pembeni, tangi likamwagwa lote, akaondoka salama. Angewasha, petroli ingeingia kwenye pampu ya injini, na ile pampu inalainishwa na dizeli yenyewe. Fundi alisema hapo ningemtia hasara kubwa.

Bosi alinikata mshahara gharama yote. Mwenzangu alifanya kosa hilohilo akanyamaza, gari likazimikia mbele huko, hakukatwa hata senti. Sasa nyie mnaosema vijana waseme, gharama atalipa nani?

Mkaliua
Hapo kijana kasema kweli. Na mimi namuuliza Mfawidhi, aliyekesha anazalisha anatumwaje mkoba peke yake asubuhi?

Mfawidhi Uyui
Mdogo wangu wa Kigoma, kukukata ilikuwa kuonea. Sina jibu la bosi wako. Huku kwetu tuliandika vichupa vitatu "vimeganda" na kile cha jaribio "kimetumika kupimia", mratibu wa chanjo wa wilaya akapata taarifa nzima, kijana hakukatwa kitu. Ila najua si kila kituo kinafanya hivyo.

Mkaliua, swali lako ni la haki. Wauguzi wako wawili tu. Kwa sasa anayekesha haendi mkoba, hata kama mkoba utasogezwa siku. Pakiti zinatolewa na mtu aliyelala, na wa pili anazitikisa kabla kibebeo hakijafungwa.

Mzee wa Mnyororo Baridi
Kuna vibebeo vipya vyenye ukuta wa ndani unaozuia chanjo kugusa baridi kali, mviombe wilayani. Pia niulize, na mikoba ya nyuma je? Mlimuuliza?

Mfawidhi Uyui
Nilimuuliza, Mzee, tukiwa wawili tu na mlango umefungwa. Akasema mara nyingi anasubiri, ila kuna siku moja ya mvua hana uhakika kama pakiti zilitoka jasho vya kutosha, na siku hiyo alichoma. Chupa zile zilishatumika, hakuna cha kutikisa. Nimetoa kwenye rejista majina ya watoto wote waliopata Penta siku ile, nimempelekea mratibu aamue kama warudiwe dozi. Familia mbili za wafugaji zimeshahama, nimeomba mwenyekiti wa kitongoji atusaidie kujua zilikoelekea. Mratibu bado hajanijibu.