Tupeane uzoefu: uliitambuaje mbinu ya chumba kilichofungwa kwa ndani?

Msomaji wa Usiku: Wanajamvi, nipo katikati ya riwaya ya upelelezi ambamo maiti imekutwa chumbani, komeo limefungwa kwa ndani na dirisha lina nondo. Sitaki kutajiwa jibu. Naomba kila mmoja aeleze alivyowahi kuigundua mbinu ya mwandishi, bila kutaja jina la kitabu wala la muuaji.

Bi Makabati: Umenikumbusha riwaya iliyoninyima usingizi. Watu watatu walivunja mlango, na wa kwanza kuingia akawazuia wenzake kizingitini, eti wasiharibu ushahidi. Aliinama kitandani, akageuka, akatangaza kwamba mwenye chumba ameuawa. Baada ya hapo mwandishi alitumia kurasa nyingi akichunguza kitasa, dohani na sakafu, hata nikaanza kushuku kwamba ananipeleka kusikohusika. Nilirudi kwenye ukurasa wa kuvunjwa mlango, nikaandika pembeni kila jambo na aliyelishuhudia. Kufungwa kwa mlango kulishuhudiwa na wote watatu, lakini kifo kilishuhudiwa na mmoja peke yake. Nikafunga kitabu nikacheka, kwa kuwa marehemu alikuwa amelala tu kwa dawa, akauawa baada ya mlango kuvunjwa, wenzake wakiwa wamesimama nyuma ya mgongo wa muuaji.

Kijana wa Tanga: Bi Makabati, umeombwa usitoboe siri, nawe umeimwaga yote!

Bi Makabati: Sikutaja kitabu, mwanangu. Mbinu hiyo ina zaidi ya miaka mia moja, na waandishi wengi wameitumia.

Kijana wa Tanga: Nami nilikuwa ninakisoma chenye daktari anayewahi kuingia. Sasa nifanyeje?

Fundi Vitasa: Mimi ni seremala, na kwangu jibu huwa ni uzi. Unapigilia pini kwenye fremu, upande ambao komeo huelekea linapofunga. Uzi unauzungusha kwenye kishikio cha komeo, unaupitisha nyuma ya pini ili mvuto uende pembeni, kisha ncha zote mbili unazitoa chini ya mlango. Ukiwa nje unavuta, komeo linaingia. Halafu unaachia ncha moja na kuvuta nyingine, uzi wote unatoka. Kwa hiyo mwandishi akitaja kitundu kipya kwenye fremu, au komeo lililotiwa mafuta katika nyumba ambayo bawaba zake zote zinalia, mimi sina haja ya kuendelea.

Mwalimu Mstaafu: Fundi amesema kweli nusu. Uzi upo, lakini komeo lenye kutu huukata, na mlango uliobana sakafuni hauupitishi. Tena waandishi hodari huweka kitundu hicho makusudi ili msomaji wa aina yake atulie mapema. John Dickson Carr, katika riwaya yake ya mwaka 1935, alimpa mpelelezi wake sura nzima ya kuainisha mbinu hizi mbele ya msomaji, na kuchezea mlango ni fungu moja tu kati ya mengi. Lipo fungu ambalo marehemu mwenyewe ndiye anayefunga mlango. Msilione la kubuni: mwaka 1898, huko Geneva, Malkia Elisabeth wa Austria alichomwa kwa tupa iliyonolewa, akainuka, akatembea hadi kwenye meli, na hapo ndipo akaanguka. Tundu lilikuwa dogo mno, na korseti ilikuwa imembana. Mtu wa namna hiyo angeweza kuingia chumbani, kusukuma komeo na kufa akiwa peke yake. Dalili yake ni kwamba mwandishi hutaja jeraha jembamba, damu kidogo, na mtu aliyeonekana amechoka akipanda ngazi.

Mama Zawadi: Kweli kabisa, Mwalimu.

Mpangaji: Mlango wangu nao ulijifunga kwa ndani wiki iliyopita, ufunguo ukiwa mezani. Fundi, uzi huo ungenisaidia?

Fundi Vitasa: Kama ni kitasa cha kubamiza, hapana. Mwite fundi wa karibu nawe, ndugu. Hapa tunazungumzia mauaji.

Msomaji wa Usiku: Nashukuru. Nondo zangu je?

Bi Makabati: Nondo humzuia mtu, hazizuii mkono wala risasi. Angalia kama kitanda au kiti kilisogezwa dirishani siku hiyo, na ni nani aliyependekeza kisogezwe.

Mwalimu Mstaafu: Mimi ningeanza na saa ya kifo. Kama inatokana na sauti iliyosikika nyuma ya mlango, haina nguvu, kwa sababu sauti huigizwa. Aliyemwona marehemu uso kwa uso kwa mara ya mwisho ni nani?

Msomaji wa Usiku: Mpishi alimsikia akikohoa saa tatu. Aliyemwona hajatajwa bado.

Fundi Vitasa: Na komeo, limetiwa mafuta?

Msomaji wa Usiku: Limetiwa.

Fundi Vitasa: Mwalimu, unasemaje?

Mwalimu Mstaafu: Nasema mafuta hayo yamewekwa kwa ajili yako.