Laptopu nne, suichi moja, hakuna intaneti: moja inakataliwa kuingia kwenye Counter-Strike 1.6. Naombeni ushauri

Kijana wa Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, hapa Dodoma. Jumamosi tumepanga kucheza Counter-Strike 1.6 watu wanne, kila mtu na laptopu yake, bila intaneti. Suichi ya matundu manane ninayo, kebo tumeshanunua, na michango imeshaliwa kwenye hizo kebo. Laptopu yangu ndiyo inafungua gemu kwa New Game. Wawili wanaingia vizuri kabisa, wa nne anakataliwa kila akijaribu. Nimebadilisha kila kitu nilichoweza kubadilisha. Tatizo ni nini? Siku zimebaki tatu.

Mzee wa Kikuyu:
Kijana, kabla hujafika kwenye kebo, hilo gemu mmelinunua? Kila mmoja awe na akaunti yake ya Steam, tena halali. Ukipakua nakala za kuokoteza, huyu ana toleo hili, yule ana toleo lile, halafu mnalaumu suichi.

Dereva wa Bahi:
Mzee kagusa penyewe, ni matoleo. Ramani ya mmoja wenu ikiwa tofauti, gemu linamkatalia. Nakili folda ya cstrike kutoka laptopu yako uwape wote kwa flashi, tatizo limekwisha.

Fundi Suichi:
Ramani ikitofautiana gemu husema wazi, "Your map differs from the server's", na hutaja jina la ramani. Tusikisie. Mleta uzi, tuandikie maneno yanayotokea kwa huyo wa nne neno kwa neno. Halafu kila laptopu ifungue Command Prompt, iandike hii, na utupe anwani za IPv4 za zote nne:

```
ipconfig
```

Bi Zabibu:
Samahani kuingilia uzi. Wanangu wana Minecraft ya simu, simu tatu, bando hakuna. Kuna namna?

Fundi Suichi:
Ipo, dada, tena nyepesi. Simu moja iwashe hotispoti, hata data ikiwa imezimwa, na zile mbili zijiunge nayo. Mwenye dunia afungue mipangilio yake na kuwasha Visible to LAN Players, wenzake wataiona kwenye orodha yao. Toleo liwe moja kwenye simu zote. Isipoonekana, zima data kabisa kwenye zile simu mbili, maana simu ikigundua waifai haina intaneti huwa inahamia kwenye data kimyakimya.

Kijana wa Nkuhungu:
Anwani hizi hapa. Yangu 192.168.50.1, wa pili 192.168.50.2, wa tatu 192.168.50.3. Niliziandika kwa mkono kwa sababu suichi haigawi anwani. Wa nne yake inaanza na 25. Maneno anayopata ni haya:

```
LAN servers are restricted to local clients (class C)
```

Ila naomba tusipoteze muda kwenye anwani. Nadhani ni kebo yake, naomba mnishauri ninunue ya aina gani.

Jicho Kali:
Huu uzi umetungwa. 25 ni anwani ya Hamachi, ile programu ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali, na Hamachi haikupi anwani mpaka uingie kwenye seva zao kupitia intaneti. Yeye anasema hakuna intaneti, halafu mtu aliyechomekwa kwenye suichi moja na wenzake ana 25. Hizo picha mbili haziwezi kuwa za chumba kimoja. Ama ameokota maneno ya kosa mahali akaleta hapa tumjibu, ama hayupo huyo wa nne.

Dereva wa Bahi:
Kweli bwana. Na anaulizia kebo wakati gemu limeshajibu! Kebo ikiwa mbovu usingeletewa jibu lolote.

Fundi Suichi:
Jicho Kali ameona vizuri, lakini si lazima awe ametunga. Mleta uzi, huyo wa nne yuko wapi?

Kijana wa Nkuhungu:
Sijatunga. Yuko Manyoni. Ni binamu yangu, ndiye aliyetufundisha gemu lenyewe, hatuwezi kumwacha nje. Sikusema kwa sababu nilijua mtaniambia nimtoe. Chumbani hakuna intaneti, hilo ni kweli. Hamachi niliisakinisha kwa bando la simu yangu, na ikifika saa ya kucheza nawasha hotispoti ya simu kwa ajili yake tu. Mtandao wa Hamachi nimeshaufungua, nenosiri nimeshampa, naye ameshazoea. Sitaki kuanza upya.

Jicho Kali:
Basi nimekuelewa, neno la kutunga nalirudisha. Lakini kichwa cha uzi kinasema hakuna intaneti, na Manyoni bila intaneti hufiki. Handaki lolote, liwe Hamachi, ZeroTier au jingine, linapita juu ya intaneti.

Dereva wa Bahi:
Achana na mahandaki. Fungua poti 27015 kwenye ruta, mpe binamu anwani yako ya nje, anaingia moja kwa moja.

Fundi Suichi:
Poti ni hiyo hiyo, UDP 27015, lakini hapa haitasaidia, Dereva. Ruta yake ni simu, na kwenye intaneti ya simu kwa kawaida wateja wengi wanagawana anwani moja ya nje. Anayetoka nje anapita, anayebisha hodi kutoka nje hana anayempokea. Handaki lipo kwa sababu hiyo: pande zote mbili zinaanza kwa kutoka nje, zinakutana huko.

Sasa kosa lenyewe. Ukifungua seva kwa New Game, gemu linaweka sv_lan kuwa 1. Andika sv_lan kwenye konsoli utaiona. Ikiwa 1, seva inamtazama kila anayekuja: anwani yake ni ya ndani? Inazozikubali kama za ndani ni zinazoanza na 10, au 192.168, au 172.16 mpaka 172.31, pamoja na zinazofanana na anwani yake yenyewe kwenye namba mbili za mwanzo. 25 haimo kwenye fungu hilo, na kwako namba mbili za mwanzo ni 192.168. Binamu anaonekana mgeni wa mbali, anakataliwa. Kwa hiyo Hamachi inafanya kazi, na ujumbe umefika mpaka Nkuhungu. Aliyemkatalia ni seva yako.

Kijana wa Nkuhungu:
Basi niweke sv_lan 0 na nibaki na Hamachi. Si yameisha?

Fundi Suichi:
Yanaisha kwa binamu, yanaanza kwa hao wawili wa kwenye kebo. Kwa sv_lan 0 kila mchezaji anathibitishwa na Steam, na wao hawana intaneti. Ungelazimika kuwapa wote hotispoti. Usiguse sv_lan, badilisha anwani ya binamu. Mimi ningetumia ZeroTier kwa sababu moja tu: inakuruhusu kuchagua fungu la anwani.

Ingia kwenye tovuti yao, fungua akaunti, tengeneza mtandao. Kwenye IPv4 Auto-Assign chagua 10.147.17.*, usichague linalofanana na la kebo zenu wala la hotispoti. Utapewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 16. Sakinisha programu kwako na kwa binamu, wote mjiunge kwa kitambulisho hicho, kisha urudi kwenye tovuti uweke tiki ya Auth kwa kila mmoja. Wengi wanasahau tiki hiyo. Kila upande fungua Command Prompt kwa Run as administrator uhakikishe:

```
zerotier-cli listnetworks
```

Ikisema OK, sawa. Ikisema ACCESS_DENIED, tiki bado. Wawili wa kwenye kebo usiwasakinishie chochote. Wao wanaendelea na 192.168.50.1, na binamu anafungua konsoli anaandika anwani yako ya ZeroTier, mfano:

```
rate 10000
connect 10.147.17.21:27015
```

Asiisubiri orodha ya LAN imwonyeshe, aandike mwenyewe. Hiyo rate inaiomba seva isizidishe baiti 10,000 kwa sekunde zinazokwenda kwake, yaani megabaiti 36 kwa saa zikijaa. Ukijumlisha anazorudisha yeye, tengeni megabaiti 100 kwa saa kila upande na zitabaki.

Mzee wa Kikuyu:
Na hao wasio na intaneti waingie Steam wakiwa nayo kabla ya Jumamosi, kisha wachague Go Offline. Laptopu ambayo haijawahi kuingia haitafunguka siku hiyo, na hapo ndipo mtu anashawishika kutafuta nakala ya kuokoteza.

Fundi Suichi:
Mzee yuko sahihi, fanyeni Ijumaa.

Kijana wa Nkuhungu:
Nimefanya yote. Binamu amepata OK na mimi OK. Lakini nikichomeka kebo ya suichi, ZeroTier inakatika. Nikichomoa inarudi. Nilijua tu Hamachi ilikuwa bora.

Fundi Suichi:
Hamachi nayo ingekatika. Ulipoandika anwani ya kebo kwa mkono, kwenye Default gateway uliweka nini?

Kijana wa Nkuhungu:
192.168.50.1. Niliona nafasi iko wazi nikaijaza.

Fundi Suichi:
Ifute, ibaki tupu kwenye laptopu zote tatu. Gateway ni kuiambia Windows kwamba njia ya kutokea nje iko kwenye kebo hii. Kwa kawaida Windows hupendelea kebo kuliko waifai, kwa hiyo inapeleka kila kitu kwenye suichi isiyo na mlango wa nje, na hotispoti inakaa bure. Weka anwani na Subnet mask 255.255.255.0 tu.

Dereva wa Bahi:
Na azime Windows Defender Firewall kabisa, hiyo ndiyo inasumbua watu.

Fundi Suichi:
Inasumbua kweli, ila usiizime, maana laptopu yake iko kwenye intaneti. Mtandao usio na gateway Windows inauita Unidentified network na kuuweka Public, na huko wageni wanazuiwa. Ruhusu hl.exe kwenye Private na Public, inatosha. Dalili yake ni hii: wewe unaweza kuingia kwenye seva ya mwenzako, ila wao hawaingii kwako.

Kijana wa Nkuhungu:
Nimefuta gateway, nimeruhusu hl.exe. Wote watatu wameingia! Hao wa kebo ping yao ni 5. Binamu jana usiku alikuwa 70, leo mchana 300 na anarukaruka, hapigi mtu. Nifanyeje?

Fundi Suichi:
Akiwa na 300, andika hii kwa administrator, utazame mstari wenye namba ya laptopu yake, ile ya herufi na tarakimu kumi:

```
zerotier-cli peers
```

Ikiandika DIRECT, mnaongea moja kwa moja, na ucheleweshaji ni wa mawimbi ya simu zenu. Ikiandika RELAY, hamkuweza kuonana, kila risasi inazunguka kwenye seva zao za nje kwanza.

Kijana wa Nkuhungu:
Usiku DIRECT. Sasa hivi RELAY.

Jicho Kali:
Ajaribu laini ya mtandao mwingine huko Manyoni.

Fundi Suichi:
Ajaribu, na wewe zima hotispoti uiwashe upya ili upate njia mpya. Inaweza kukubali, inaweza kukataa, inategemea laini za simu zinavyopanga njia, nawe huna mamlaka nazo. Ikibaki RELAY saa ya mechi, mpangieni binamu raundi za usiku.

Kijana wa Nkuhungu:
Anatafuta laini nyingine stendi sasa hivi. Nitarudi na jibu la peers.