Msaada: N₂O₄ kwenye presha ya 0.5 atm, kitabu kinasema 0.264 sisi tunapata 0.239

Mpambanaji_TA

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha sita, PCB, na kuna swali limetukwamisha tangu jana. Linasema gesi ya N₂O₄ inavunjika kuwa NO₂ kwenye nyuzi 25, Kp ni 0.15 atm. Presha ya jumla kwenye msawazo ni 0.5 atm. Tafuta α, yaani ni sehemu gani ya N₂O₄ imevunjika.

Yeye kachora jedwali la ICE hivi:

```
      N2O4   ⇌   2NO2
I     0.5         0
C     -x         +2x
E     0.5 - x     2x
```

Halafu 4x²/(0.5 − x) = 0.15, ikatoka x = 0.1195. Akagawa kwa 0.5 akapata 0.239. Nyuma ya kitabu wameandika 0.264. Nimerudia kwa kikokotoo mara kadhaa, hesabu yenyewe haina tatizo. Kitabu ndicho kimekosea au kuna kitu hatukioni?

Jembe_PCM

Mkuu, someni swali tena. Hiyo 0.5 ni presha ya jumla *kwenye msawazo*, dogo kaiweka kwenye mstari wa mwanzo. Ya mwanzo haijulikani, iite p. Mwishoni N₂O₄ inabaki p − x na NO₂ ni 2x, ukijumlisha unapata p + x = 0.5. Kwa hiyo p = 0.5 − x, na N₂O₄ iliyobaki ni 0.5 − 2x.

Weka kwenye Kp: 4x²/(0.5 − 2x) = 0.15. Inatoka x = 0.1045. Gawa kwa 0.5 unapata 0.209. Kwa hiyo nyote mmekosa, dogo na kitabu. Vitabu vya siku hizi majibu ya nyuma ni ya kubahatisha tu.

Mpambanaji_TA

Dah, sasa tuna majibu matatu.

Mzee_wa_Maabara

Kitabu kiko sawa. Jembe kaenda vizuri mpaka mstari wa mwisho, hapo akateleza. Alfa ni iliyovunjika ukigawa kwa iliyokuwepo *mwanzo*. Na mwanzo, kwa maneno yake mwenyewe, ni p = 0.5 − 0.1045 = 0.3955. Gawa 0.1045 kwa 0.3955, jibu ni 0.264.

Sasa turudi kwa binti. Mwambie ajumlishe presha zake mbili za mstari wa E. N₂O₄ ni 0.3805, NO₂ ni 0.239, jumla karibu 0.62. Swali limesema 0.5. Hapo hapo angejua kuna kitu, bila hata kufungua nyuma ya kitabu. Hesabu yake si mbovu, ila inajibu swali lingine: chombo kigumu kisichotanuka, kimetiwa N₂O₄ ya 0.5 atm kabla haijaanza kuvunjika. Kwa swali hilo 0.239 ni jibu halali kabisa, na presha ndani ya chombo ingepanda mpaka 0.62.

Njia ninayowapa vijana wangu ni kuandika jedwali kwa moli kwanza, presha ije baadaye. Anza na moli 1:

```
      N2O4    ⇌   2NO2     jumla
I     1            0        1
C     -α          +2α
E     1 - α        2α       1 + α
```

Presha ya kila gesi ni fungu lake la moli mara presha ya jumla P. NO₂ inapata 2αP/(1 + α), N₂O₄ inapata (1 − α)P/(1 + α). Ukipandisha ya NO₂ kwenye kipeo cha pili na kugawa kwa ya N₂O₄, (1 + α) moja inakatika, kinabaki:

Kp = 4α²P/(1 − α²)

Hapa hakuna haja ya fomula ndefu ya kwadratiki, α imebaki kwenye mraba tu. Geuza:

α² = Kp/(Kp + 4P) = 0.15/2.15 = 0.0698

Kipeuo chake ni 0.264. Hakiki: NO₂ 0.209, N₂O₄ 0.291, jumla 0.500. Halafu 0.209² ukigawa kwa 0.291 unarudi kwenye 0.15. Ikitimia yote mawili, funga daftari.

Jembe_PCM

Sawa mzee, nimekuelewa hapo kwenye kugawa. Ila sisi tulifundishwa kupuuza α² chini, unabaki na Kp = 4α²P. Haraka zaidi kwenye mtihani.

Mzee_wa_Maabara

Jaribu kwenye hili hili. Unapata 0.274 badala ya 0.264. Sasa shusha P iwe 0.1 atm: mkato unakupa 0.61, jibu lenyewe ni 0.52. Presha ikipungua N₂O₄ inavunjika zaidi, α inakua, na mkato unazidi kuharibika. Na umeokoa nini? Kipeuo utakitafuta vilevile.

Bi_Mikanjuni

Samahanini wanangu, naingilia. Langu halikutoa Kp wala nini. Linasema mchanganyiko wa N₂O₄ na NO₂ kwenye nyuzi 25 na 1 atm una wastani wa masi ya moli 77.3, tafuta α. Nitatumia hiyo fomula hapo juu?

Mzee_wa_Maabara

Hapana dada, lako ni jepesi zaidi. Gramu hazipotei, ila moli 1 imekuwa moli 1 + α. Kwa hiyo 77.3 = 92/(1 + α), na α ni 0.19. Kisha ukitaka Kp, hapo ndipo fomula inaingia na P = 1: 4 × 0.0361/0.9639, inakuja 0.15. Ni gesi ile ile ya binti.

Mpambanaji_TA

Mzee ubarikiwe sana. Dogo kaelewa, anasema jedwali la moli ndilo atakaloshika. Kipengele (b) kinasema rudia kwa presha ya 5 atm, joto lile lile. Amepata 0.086, maana 0.15/20.15 ni 0.00744. Ni sahihi?

Mzee_wa_Maabara

Kwa fomula ni sahihi. Ila aliyetunga swali hakufikiria. N₂O₄ inachemka kwenye nyuzi 21 hivi kwa presha ya kawaida. Ukiikandamiza mpaka 5 atm kwenye nyuzi 25, haibaki gesi, inageuka kimiminika. Hiyo 0.086 ni ya gesi ambayo haiwezi kukaa hivyo.

Jembe_PCM

Mzee, msahihishaji hana habari na kimiminika. Dogo aandike 0.086 aende swali linalofuata.

Mzee_wa_Maabara

Aandike 0.086, na pembeni aongeze mstari mmoja kuwa amechukulia yote ni gesi. Haimpunguzii alama.

Jembe_PCM

Unajuaje? Kuna wasahihishaji wakiona maneno ya ziada wanakasirika.