Kompyuta moja ya saiba yangu yatuma apdeti za Windows kwa watu nisiowajua, nizime vipi?

BintiLikoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Nina saiba ndogo hapa Likoni, ukishuka feri watembea dakika tano tu. Kompyuta tano za mitumba zenye Windows 11, printa moja, faiba ya Mbps 20 kushuka na Mbps 5 kupanda. Biashara yangu ni kujazia watu fomu za eCitizen, kuskani vyeti, na siku hizi vijana waja kufanyiwa intavyuu za kazi kwa video.

Juzi msichana mmoja alikuwa katikati ya intavyuu. Yeye awasikia wale vizuri kabisa, lakini wao hawamsikii. Sauti yakatika, picha yaganda mdomo wazi. Nikapima spidi kwenye kompyuta nyingine: kushuka Mbps 17, kupanda 0.4, na pingi iliyo 15 siku zote ikawa 600 na ushei. Nilipochomoa waya wa kompyuta namba 4, mambo yakarudi sawa papo hapo. Hiyo namba 4 haikuwa na mteja, imewashwa tu yangoja.

Nikafungua Task Manager, nikapanga kwa Network. Juu kabisa yakaa "Service Host: Delivery Optimization". Mpwa wangu aniambia hiyo ni Windows yenyewe, yagawia watu wengine apdeti ilizokwisha kuzishusha. Kweli? Yaani mimi nalipia faiba halafu niwe seva ya watu? Nizime vipi?

Nahodha_Mtongwe
Dada hiyo ni virusi. Futa Windows, weka upya. Mimi ilinipata mwaka jana.

Fundi_Tononoka
Si virusi, Nahodha. Mpwa wake yuko sahihi. Delivery Optimization imo ndani ya Windows tangu Windows 10 ilipotoka 2015. Kompyuta ikishusha apdeti, au programu ya Microsoft Store, huweka vipande kwenye diski kwa siku chache, na kompyuta nyingine zikivihitaji huvichukua kwake. Vipande ni vya apdeti na programu hizo tu, faili zako za wateja hazimo. Na anayepokea hukagua kila kipande kabla ya kukitumia, kwa hivyo hakuna wa kukutilia sumu kwa njia hiyo.

Ila kugawa kuko kwa namna mbili, na hapo ndipo penye jambo lako. Kuna kugawiana na kompyuta za mtandao wako wa ndani peke yake, na kuna kugawiana na za ndani pamoja na za intaneti nzima. Ya kwanza haigusi faiba yako hata kidogo, data yazunguka kwenye rauta na kuishia hapo. Ya pili ndiyo inayokula Mbps 5 zako.

Kabla hatujazima chochote, fungua hapa kwenye kila kompyuta utuletee nambari: Settings > Windows Update > Advanced options > Delivery Optimization > Activity monitor. Shuka hadi Upload statistics.

Chudi_Picha
Kwangu Bamburi ilikuwa vivyo hivyo, kupanda kumekufa kabisa. Nilizima hiyo Delivery Optimization na haikusaidia lolote. Mwishowe nikagundua ni picha za harusi, GB 40, zilikuwa zajipakia zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni kila nikiwasha laptopu. Dada angalia usije ukazima kisichokuwa na kosa.

Fundi_Tononoka
Hilo ni kweli, Chudi, lakini yeye ameshaiona kwa jina kwenye Task Manager. Wewe ungeona jina la ile programu ya hifadhi.

MzeeMakupa
Binti, njia nyepesi ni hii. Nenda Settings > Network & internet, fungua mtandao wako, washa "Metered connection". Windows ikijua data yapimwa haipeleki kitu kwa watu wa intaneti. Dakika moja umemaliza.

Fundi_Tononoka
Mzee, itazima kweli. Lakini apdeti nyingi nazo hazitajishusha zenyewe tena, na kwenye saiba hakuna anayekaa kubonyeza Download kwenye mashine tano. Baada ya miezi miwili zote zitakuwa zimebaki nyuma. Kwa laptopu inayokula bando la simu ningemwambia afanye hivyo hivyo, kwa faiba isiyo na kikomo sioni haja.

BintiLikoni
Haya, nimezipitia zote tano. Mwezi huu, kwenye "Uploaded to PCs on the Internet": namba 1, 2, 3 na 5 ni sifuri. Namba 4 ni GB 17! Nimekaa kwenye kiti nikaiangalia tu.

Na kioja ni hiki: hizo nne nyingine kile kidude cha kuwasha na kuzima chabonyezeka. Kwenye namba 4 kimefifia, hakikubali kubonyezwa, na juu yake pana maandishi kwamba mambo haya yasimamiwa na shirika langu. Shirika gani? Mimi nina kibanda.

Fundi_Tononoka
Sasa tumefika. Tufanye hesabu kidogo ujue ulichokuwa ukilipa. GB 1 kwenye Mbps 5, ikijaza njia yote, yachukua karibu dakika 27. GB 17 ni kama saa 7 na nusu za njia kujaa. Hazikuja kwa mkupuo mmoja, zimetawanyika mwezi mzima, ndiyo maana siku nyingine hukuona kitu na siku nyingine mteja alilia. Na njia ya kupanda ikijaa, hata kushuka huanza kusuasua, kwa sababu kila unachopokea sharti kompyuta irudishe kajibu kwamba kimefika, na vile vijibu vyasubiri kwenye foleni ile ile. Kama Likoni saa kumi na moja jioni, hata mwenye baskeli angoja nyuma ya malori.

Kufifia kwa kidude maana yake kuna amri iliyoandikwa juu ya Settings. Mashine za mitumba nyingi zilitoka maofisini, na asiyeisafisha vizuri huiuza na amri zake. Bonyeza Start, andika cmd, ichague "Run as administrator", kisha:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\DeliveryOptimization"
```

Tupe jibu.

BintiLikoni
Imenipa huu mstari:

```
DODownloadMode    REG_DWORD    0x3
```

Kwenye namba 1 nilijaribu pia, yasema haioni kitu kama hicho.

Fundi_Tononoka
Basi ni huyo. 3 ni kugawana na intaneti. 1 ingekuwa mtandao wa ndani tu, na 0 ni kushusha kutoka Microsoft pekee bila kugawana na yeyote.

Kabla ya kuifuta angalia Settings > Accounts > Access work or school. Kama pana akaunti ya kampuni usiyoijua, tuambie kwanza, maana kampuni ile yaweza kuirudisha amri kila mashine ikiingia mtandaoni. Kama hapana kitu:

```
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\DeliveryOptimization" /v DODownloadMode /f
```

Zima uwashe. Kidude kitafunguka. Ukikifungua utaona chaguo mbili chini yake, wewe chagua "Devices on my local network".

MzeeMakupa
Kwa nini asizime kabisa? Mtu amekwishaumwa na nyoka.

Fundi_Tononoka
Kwa sababu ana kompyuta tano chini ya paa moja. Apdeti ya mwezi ikiwa GB 3, tano zikishusha kila moja kivyake ni GB 15 kwenye faiba. Zikigawana ndani, ya kwanza hushusha na nyingine huchukua sehemu kubwa kwake. Si zote, kwa sababu zikianza kwa wakati mmoja hakuna mwenye cha kugawa, lakini afueni ipo. Mwenye kompyuta moja nyumbani ndiye azime moja kwa moja, hana wa kugawana naye.

Shangazi_Kongowea
Samahani kuingilia. Mimi nimeona hapo hapo kwenye Advanced options pana mahali pa kuweka kikomo cha kupakia kwa mwezi. Si ashushe hadi GB 5 aendelee na maisha?

Fundi_Tononoka
Shangazi, kikomo hicho kipo, chaenda kutoka GB 5 hadi 500. Lakini hata GB 5 kwa njia yake ni zaidi ya saa mbili, na hachagui ni saa mbili zipi. Zaweza kuwa ndizo za intavyuu.

BintiLikoni
Nimerudi. Akaunti ya shirika haikuwapo. Nimefuta ule mstari, nikazima na kuwasha, kidude kimefunguka, nimechagua ya ndani. Ni siku nne leo. Namba 4 bado yasoma GB 17 zile zile, haijaongeza hata nukta. Kupanda ni Mbps 4.8 hata mashine zote zikiwa wazi. Na namba 2 imepata GB 2.1 "From PCs on your local network". Msichana alirudi jana, intavyuu ya pili, hakukatika.

Nimempigia aliyeniuzia mashine pale Mwembe Tayari. Aapa kwamba alisafisha zote tano kwa mkono wake, na kwamba mimi ndiye nimebonyeza. Haya.

Ila laptopu yangu, ambayo yatumia waifai, haipati hata kipande kutoka kwa zile tano, yashusha kila kitu kutoka Microsoft. Nayo nimeichagulia ya ndani.

Fundi_Tononoka
Tazama kwenye rauta kama waifai imetengwa na waya, au kama wateja wa waifai hawaruhusiwi kuonana. Rauta nyingi zina kitufe hicho, na mtandao ule wa wageni huja umetengwa tangu kiwandani.

BintiLikoni
Neno la siri la rauta analo aliyenifungia faiba. Nimempigia mara tatu.

Nahodha_Mtongwe
Mimi bado nasema ni virusi.