Madai yangu ya safari ya Nakuru yamerudishwa na uhasibu, nisaidieni kuyapanga upya

Binti_Kongowea

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wa mtu anayezijua kazi za uhasibu, maana fomu yangu imerudishwa na mwisho wa mwezi ndio huo.

Nafanya kazi kwenye kampuni binafsi hapa Mombasa. Mwezi wa 6 mwaka 2025 nilitumwa Nakuru kwenye mafunzo, Jumatatu tarehe 9 mpaka Alhamisi tarehe 12 mchana. Sikupewa pesa mkononi. Niliambiwa nitumie zangu, nikirudi nilete risiti nilipwe. Nilidai hivi:

Basi la usiku Mombasa hadi Nairobi, tarehe 7, shilingi 1,500.
Matatu Nairobi hadi Nakuru, tarehe 8, shilingi 500.
Hoteli Nakuru, usiku 4 kwa 3,500, jumla 14,000.
Matatu Nakuru hadi Nairobi, tarehe 12, shilingi 500.
SGR Nairobi hadi Mombasa, tarehe 12, shilingi 1,500.
Teksi kutoka Miritini hadi nyumbani, tarehe 13, shilingi 1,200.

Jumla ni 19,200. Uhasibu wamerudisha na karatasi yenye mambo matatu: risiti ya hoteli ni ya siku moja tu, pesa za M-Pesa hazioani na risiti, na safari iliisha tarehe 12, kwa hivyo teksi ya tarehe 13 haihusiki.

Risiti ya hoteli imeandikwa kwa mkono, tarehe 12, "malazi 14,000", na muhuri. Sina kingine. Kulala nililala, kulipa nililipa. Nifanyeje?

Mwana_wa_Likoni

Dada, hiyo risiti ya mkono ndiyo inayokuponza. Siku hizi bila risiti ya eTIMS hulipwi na mtu yeyote, ni sheria tangu Januari 2024. Rudi hotelini udai eTIMS, wakikataa hizo 14,000 sahau.

Afisa_wa_Bara

Pole sana. Ila nawe ulichelewa. Masurufu hurejeshwa ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni, iko kwenye kanuni za fedha za umma za 2015. Mimi nilipita siku hizo nikiwa mgonjwa, wakanikata kwenye mshahara pesa yote, na kuipata tena imekuwa kazi. Kaandike barua ya kueleza kuchelewa kwako kabla hawajaanza kukukata.

Binti_Kongowea

Kaka @Afisa_wa_Bara ahsante, lakini mimi sikupewa masurufu. Hela zilikuwa zangu, wao ndio wanaodaiwa.

Mama_Daftari

Nimekaa kwenye meza ya kupokea fomu kama hizo miaka mingi, acha nikuambie anachokiona mtu wa upande ule.

Kwanza tuondoe hayo ya masurufu. Aliyepewa pesa kabla ya safari hurejesha hesabu, na siku 7 za kazi ni za wafanyakazi wa serikali. Wewe unadai ulichotoa mfukoni, kwa hivyo muda wako unatoka kwenye utaratibu wa kampuni yenu. Uliza leo, kampuni nyingine hufunga madai ya mwezi zikishafunga vitabu.

Sasa hoteli, ambayo ndiyo kiini. Risiti yako inasema pesa ilipokelewa tarehe 12. Haisemi nani alilala, aliingia lini, alitoka lini, wala usiku mmoja ni bei gani. Mhasibu akiitazama anaona mtu aliyelipa 14,000 siku moja, na siku hiyo hiyo yuko kwenye treni usiku. Si lazima akudhanie ubaya, ila karatasi haimpi pa kushika.

Omba hoteli wakutolee invoisi kamili: jina lako, tarehe ya kuingia 8, tarehe ya kutoka 12, usiku 4, bei 3,500. Usiku wenyewe ni wa tarehe 8, 9, 10 na 11. Usiku wa tarehe 7 ulikuwa kwenye basi, na wa tarehe 12 kwenye treni. Nakusisitizia hili kwa sababu fomu nyingi hukwama hapo: mtu huhesabu siku kutoka 8 hadi 12 akapata 5, na hoteli ikahesabu usiku ikapata 4. Yako iko sawa, ila iandike waziwazi.

Halafu niambie ulilipaje. Hiyo M-Pesa isiyooana na risiti ni ya kiasi gani?

Binti_Kongowea

Mama shikamoo, na ahsante sana. Nililipa mara mbili. Tarehe 8 nilipofika nilitoa 5,000, nikatuma kwa namba ya meneja mwenyewe kwa sababu aliniambia mashine yao ya malipo ina shida. Tarehe 12 nikalipa 9,000 iliyobaki kwa Lipa na M-Pesa ya hoteli. Niliambatisha ujumbe wa 9,000 peke yake kwa sababu huo ndio wenye jina la hoteli.

Mama_Daftari

Marahaba mwanangu. Basi hapo ndipo penyewe. Risiti 14,000, ushahidi wa malipo 9,000, na 5,000 ziko hewani. Ule ujumbe wa tarehe 8 unaonyesha umemtumia mtu binafsi. Kwa mhasibu hauna tofauti na kumtumia jamaa yako pesa za sukari.

Usiufiche. Uambatishe, na uombe hoteli barua fupi yenye muhuri inayosema kwamba tarehe 8 Juni 2025 walipokea 5,000 kupitia namba ile, kwa msimbo ule ule wa M-Pesa ulio kwenye ujumbe wako, ikiwa sehemu ya malipo ya chumba chako. Msimbo ndio unaozifunga karatasi mbili pamoja. Na kwenye invoisi waonyeshe: jumla 14,000, kilicholipwa tarehe 8 ni 5,000, kilicholipwa tarehe 12 ni 9,000, salio sifuri.

Ujumbe wa simu unaonyesha pesa imetoka lakini hausemi imenunua nini. Invoisi inasema umenunua nini lakini peke yake haionyeshi kwamba umelipa. Peleka vyote viwili vimebanwa pamoja. Na badala ya kupiga picha skrini, toa taarifa ya M-Pesa ya tarehe 7 hadi 13 kupitia *334#, uichape, upige mstari kwenye malipo ya safari tu. Mengine yafunike, si lazima ofisi ione matumizi yako ya nyumbani.

Kuhusu eTIMS, @Mwana_wa_Likoni yuko karibu na ukweli lakini hajafika. Sheria inaigusa kampuni: bila invoisi ya eTIMS, gharama hiyo haikubaliki kama makato wakati kampuni inapiga hesabu ya kodi ya mapato. Haisemi mfanyakazi asirudishiwe pesa zake. Lakini kampuni nyingi zimeamua zisilipe bila hiyo ili zisipate hasara, na hapo unabanwa na utaratibu wa kampuni. Kwa hivyo ikiwezekana invoisi yako iwe ya eTIMS, na uwape hoteli pini ya kampuni kabla hawajaitoa. Wakiweka pini yako wewe, itabidi waifute kwa kredit noti na kutoa nyingine, na wengi huchoka njiani.

Mwana_wa_Likoni

Nimekuelewa Mama. Lakini si itatoka na tarehe ya leo? Uhasibu si watasema tena safari ilikuwa mwezi wa 6?

Mama_Daftari

Itatoka na tarehe ya leo, na ni sawa, wasijaribu kuirudisha nyuma. Ndiyo maana tarehe za kulala ziwe kwenye maelezo ya invoisi yenyewe. Kisha ile risiti ya mkono ibaki nyuma yake.

Fundi_Magongo

Mnazungumzia hoteli, mimi nitasema tikiti. Ile tikiti ya SGR inayochapwa pale stesheni ni karatasi ya joto. Mimi niliiacha kwenye dashibodi ya gari hapa Mombasa, wiki mbili baadaye ilikuwa nyeupe kabisa, hata jina halionekani. Ukiishika tu, ipige picha na kuitoa kopi. Kopi haififii.

Binti_Kongowea

Yangu bado inasomeka, nimeitoa kopi sasa hivi. Na ile teksi je? Treni iliondoka Nairobi saa nne usiku tarehe 12, nikashuka Miritini alfajiri ya tarehe 13. Kweli ningelala stesheni?

Mama_Daftari

Hapo una haki kabisa. Tikiti inaonyesha 22:00 na tarehe 12. Kwenye fomu usiandike tu "SGR, tarehe 12". Andika "kuondoka Nairobi tarehe 12 saa 22:00, kufika Mombasa alfajiri ya tarehe 13", na mstari unaofuata uwe teksi. Mtu akisoma hivyo anaona safari imeisha tarehe 13. Wewe ulimpa tarehe ya kuondoka peke yake.

Na kuna pengo ambalo hawajaliona bado. Matatu ya Nakuru ilikushusha mjini Nairobi, na treni iko Syokimau. Ulifikaje huko?

Binti_Kongowea

Matatu, shilingi 100. Sikuidai kwa sababu hawatoi risiti.

Mama_Daftari

Idai. Shilingi 100 si kitu, lakini bila mstari huo mtu anauliza ulivukaje kutoka mjini mpaka stesheni. Kwa vidogo visivyo na risiti, andika karatasi moja: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, sababu ya kukosa risiti, saini yako na ya mkuu wako. Jumla mpya itakuwa 19,300. Teksi nayo kama hukupewa risiti iende huko huko, na taarifa ya M-Pesa nyuma yake kama ulilipa kwa simu.

Afisa_wa_Bara

Kwetu hiyo karatasi ya saini ina kikomo cha kiasi. Teksi ya 1,200 wasingeikubali bila risiti.

Mama_Daftari

Kweli, kila ofisi ina kikomo chake. Binti, waulize chenu ni kiasi gani kabla ya kuijaza.

Binti_Kongowea

Nimempigia meneja wa hoteli. Amekubali barua na invoisi, ameomba nimtumie pini ya kampuni kwa maandishi. Mkuu wangu yuko tayari kusaini karatasi ya nauli ndogo, ila kuhusu teksi amesema nimsubiri aulize mwenyewe. Swali lililobaki: ada ya M-Pesa niliyokatwa nikituma zile 5,000, nayo nidai?

Fundi_Magongo

Dai. Umeitoa kwa kazi yao.

Mama_Daftari

Mimi nilikuwa nazipitisha, mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anazikata. Iweke mstari wake peke yake, usiichanganye na 14,000 za hoteli, ili wakiikata isivuruge hesabu ya chumba.