iPhone 11 ya mtumba, kila kitu ni kikubwa kupita kiasi: ni kioo au mipangilio?

BintiMafinga
Kamwene wakuu. Nimenunua iPhone 11 ya mtumba pale Mwanjelwa, Mbeya. Simu iko vizuri, chaji inakaa, ila aikoni, maandishi na kibodi vyote ni vinene. Nimeiweka kando ya iPhone 11 ya dada ninayekaa naye, tofauti iko wazi kabisa: kwenye WhatsApp yeye anaona mazungumzo mengi kuliko mimi. Kinachonikera zaidi ni programu ya benki. Nikiandika kiasi cha kutuma, kibodi inafunika kitufe cha kuendelea na ukurasa haupandi. Jirani anasema nimeuziwa kioo cha bandia. Nirudishe dukani? Natanguliza shukrani.

Mnyalu_Halisi
Rudisha haraka kabla hawajakusahau. Vioo vya mtaani ndivyo vilivyo.

KijanaWaUyole
Acha kumtisha mwenzio. Dada, hiyo ni Zoom imewashwa. Gusa skrini mara mbili upesi kwa vidole vitatu kwa pamoja, itarudi.

BintiMafinga
Nimegusa mpaka basi. Hakuna kinachobadilika.

FundiKabwe
Basi siyo hiyo. Zoom anayoisema Uyole inakuza kama lenzi: kingo za skrini zinapotea, unaburuza kwa vidole vitatu ili uone upande wa pili. Wewe kila kitu kinaenea, ila vinaingia vichache. Hiyo ni Display Zoom, kitu kingine kabisa. Ilianza na iPhone 6 mwaka 2014.

Inavyofanya kazi, simu inazidanganya programu kuwa skrini ni ndogo kuliko ilivyo. iPhone 11 ina nafasi ya 414 kwa 896, lakini ikiwa Zoomed programu zinaambiwa 375 kwa 812, kisha picha inavutwa ijaze kioo. Programu iliyotengenezwa vizuri inajipanga upya. Hiyo ya benki yako haikujipanga, ndiyo maana kitufe kimebaki chini ya kibodi.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha. Piga skrinshoti, ifungue kwenye Photos, ivute juu usome vipimo. Ukikuta 750 × 1624, ni Display Zoom. Ikiwa kawaida utasoma 828 × 1792.

BintiMafinga
750 × 1624!

FundiKabwe
Haya. Ingia `Settings`, kisha `Display & Brightness`, shuka hadi `Display Zoom`. Chagua `Standard`, bonyeza `Done`, kubali. Kama iOS yako ni mpya utakuta `Default` na `Larger Text` badala yake, chagua `Default`. Skrini itakuwa nyeusi sekunde chache halafu itarudi, usishtuke. Kama kuna kitu ulikuwa unaandika, kimalize kwanza.

MamaWaNjombe
Samahani kuingilia. Mimi nataka kinyume chake. Baba yangu ana iPhone, nimemwekea maandishi makubwa lakini bado anakosea herufi akiandika ujumbe. Hiyo simu ya huyu binti angeifurahia!

FundiKabwe
Mama, ulichobadilisha ni `Text Size`, na hiyo inakuza maandishi tu. Herufi za kibodi zinabaki na ukubwa uleule. Mwekee Zoomed kwa njia hiyohiyo, kibodi nayo itapanuka. Ila kama anatuma hela kwa simu, mjaribishie kwanza ukiwepo, yasimkute ya Binti.

BintiMafinga
Imekubali! Kitufe cha benki kinaonekana, na aikoni ziko sawa na za dada. Ila maandishi ya meseji bado makubwa.

FundiKabwe
Hapo hapo kwenye `Display & Brightness` fungua `Text Size`, rudisha kitelezi katikati, na uangalie `Bold Text` kama imewashwa. Hivi havifuatani na Display Zoom, kila kimoja kinazimwa peke yake. Inaelekea aliyekuwa nayo alikuwa na macho hafifu.

Mnyalu_Halisi
Na kioo je? Mimi bado nina wasiwasi.

FundiKabwe
Kioo hakipangi ukubwa wa aikoni, mkuu, programu ya simu ndiyo inayopanga. Cha bandia utakigundua kwa rangi, mguso unaokwama, au `True Tone` kukosekana. Binti, fungua `Settings`, `General`, `About`. Kama kilibadilishwa kwa kifaa kisichotambulika, kuna uwezekano mkubwa ukaona ujumbe kuhusu skrini hapo.

KijanaWaUyole
Kitu kimoja hakinikai. Simu ikifutwa yote inarudi kwenye kawaida. Hii iliuzwa bado na mipangilio ya mtu?

FundiKabwe
Swali zuri, maana hilo ni kubwa kuliko aikoni. Binti, jina lililo juu kabisa ya `Settings` ni lako?

BintiMafinga
Langu. Ila dukani ndio walioniwashia na kuniingizia akaunti, sikuangalia walichochagua.